Kurefusha pigo la saa kwenye njia ya I2C: mwongozo kamili wa kumsubiri mfuasi mwepesi wa kuchelewa

Katika njia ya I2C, waya wa saa, yaani SCL, huendeshwa na kiongozi, lakini si mali yake peke yake. Kila kifaa kilichounganishwa kwenye waya huo kinaweza kuuvuta chini, na hakuna hata kimoja kinachoruhusiwa kuusukuma juu. Kazi ya kuupandisha ni ya rezista iliyofungwa kati ya waya na volteji ya chanzo, na rezista hiyo hufanikiwa pale tu ambapo vifaa vyote vimeuachia. Kwa hiyo mfuasi ambaye bado hajawa tayari hahitaji kutuma ujumbe wowote wa kuomba muda: huendelea kuubana waya wa saa chini baada ya kiongozi kuuachia, na pigo linalofuata haliwezi kuanza mpaka naye auachie. Huko ndiko kurefusha pigo la saa.

Kanuni hiyo imekuwamo katika I2C tangu Philips walipoitoa mwaka 1982, na kwenye karatasi inaonekana nyepesi mno. Taabu yake ni kwamba inamtegemea kiongozi autazame waya baada ya kuuachia, na viongozi wengi hawautazami, au huutazama vibaya. Mwongozo huu unafuata kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho: kusoma halijoto kutoka kihisi cha SHT21 kwa amri inayobana saa, kwa kutumia kiongozi anayeendeshwa na programu kupitia pini mbili za kawaida za maikrokontrola. Anayeielewa kazi hiyo vizuri hatapata shida na vifaa vingine vyenye tabia hiyo.

## Hatua ya kwanza: hakikisha waya wa saa unapitisha mawimbi pande zote mbili

Kabla ya kuandika mstari wowote wa programu, fuata waya wa SCL kutoka pini ya kiongozi hadi pini ya mfuasi, ukijiuliza katika kila sehemu kama mvuto wa mfuasi unaweza kumfikia kiongozi. Kosa la kawaida kuliko yote liko kwenye pini ya kiongozi yenyewe. Iwapo pini imewekwa kuwa ya kutoa kwa namna ya kawaida, yaani yenye transista moja ya kuvuta chini na nyingine ya kusukuma juu, basi wakati mfuasi anapobana waya, transista ya juu ya kiongozi na transista ya chini ya mfuasi zitashindana. Kwenye oskiloskopu utaona SCL imetua mahali fulani katikati, si chini wala juu, na mkondo unaopita hapo hauzuiwi na kitu chochote isipokuwa uwezo wa transista zenyewe. Ukiona uwanda wa volteji wa namna hiyo, acha kila kitu na urekebishe pini kwanza.

Maikrokontrola nyingi zina mpangilio wa pini ya mfereji wazi, ambayo huvuta chini au huachia tu. Isiyo nao huigwa kwa njia rahisi: andika sifuri kwenye rejista ya kutoa mara moja tu, kisha ubadilishe mwelekeo wa pini. Ikiwa ya kutoa, waya unavutwa chini. Ikiwa ya kuingiza, waya umeachiwa. Usiandike moja kwenye rejista hiyo kamwe.

Sehemu ya pili ya kutazama ni chipu zilizopo kati ya kiongozi na mfuasi. Vitenganishi vya umeme ndivyo vinavyowapotosha watu zaidi, kwa sababu baadhi vimetengenezwa kwa makusudi vikiwa na waya wa saa wa upande mmoja. ADuM1250 hupitisha SDA, yaani waya wa data, na SCL pande zote mbili, ilhali ADuM1251, inayofanana nayo kwa sura, hupitisha SCL kutoka kwa kiongozi kwenda kwa mfuasi tu. Tofauti ni hiyo hiyo kati ya ISO1540 na ISO1541. Ukiweka ile ya upande mmoja, mfuasi atabana waya wa upande wake kwa haki zote, na kiongozi ataendelea kuona saa safi isiyo na dosari. Hakuna programu itakayoponya jambo hilo.

Mwisho, rezista ya kuvutia juu. Waya unaopanda polepole hufanana na waya unaobanwa kwa muda mfupi, na ni vema kutochanganya mambo hayo mawili. Muda wa kupanda kutoka asilimia 30 hadi asilimia 70 ya volteji ni takriban 0.85 ukizidisha kwa rezista na kwa kapasitansi ya waya. Kwa rezista ya kiloomu 4.7 na kapasitansi ya pikofaradi 100, jibu ni mikrosekunde 0.4 hivi. Hilo linatosha kabisa kwa kilohezi 100, ambapo kikomo ni mikrosekunde 1, lakini linavuka kikomo cha mikrosekunde 0.3 kilichowekwa kwa kilohezi 400. Kazi yetu itakwenda kwa kilohezi 100, kwa hiyo kiloomu 4.7 tutaiacha.

## Hatua ya pili: jua ni wapi hasa mfuasi atabana saa

Sanifu inaruhusu mfuasi kubana saa katika biti yoyote, isipokuwa katika mwendo wa kasi wa megahezi 3.4, ambako ruhusa ni baada ya baiti kukamilika na kukiriwa. Hata hivyo, kwa vitendo vihisi vingi hubana mahali pamoja panapotabirika, na karatasi ya vipimo ya kifaa hupataja. Kupajua mapema kunakuwezesha kutofautisha ubanaji wa kawaida na hitilafu.

SHT21 ina anwani ya 0x40, ambayo kwenye waya huwa 0x80 wakati wa kuandika na 0x81 wakati wa kusoma. Ina amri mbili za kupima halijoto. Amri 0xE3 hupima huku ikibana saa; amri 0xF3 hupima huku ikiiacha njia huru. Tukitumia 0xE3, mazungumzo huenda hivi: kiongozi anaanza, anatuma 0x80, mfuasi anakiri, anatuma 0xE3, mfuasi anakiri, anaanza upya bila kufunga mazungumzo, anatuma 0x81, mfuasi anakiri tena. Hapo ndipo ubanaji unapotokea. Pigo la tisa, lile la kukiri, linakamilika, kiongozi anaivuta SCL chini kama kawaida, na mfuasi naye anaishika. Kiongozi anapoiachia ili aanze biti ya kwanza ya baiti ya data, waya haupandi. Utabaki chini mpaka kipimo kikamilike, muda ambao kwa kipimo cha biti 14 ni milisekunde 66 kwa kawaida na hauzidi 85. Kisha zinakuja baiti tatu: mbili za kipimo na moja ya uhakiki.

Angalia uwiano wa nyakati hizo. Mazungumzo yote yana baiti sita, na kila baiti ina mapigo tisa, jumla mapigo 54. Kwa kilohezi 100 hayo ni mikrosekunde 540 tu. Ubanaji mmoja, kwa hiyo, huchukua zaidi ya mara mia moja ya muda wa mazungumzo yenyewe, na katika kipindi hicho chote hakuna kifaa kingine kwenye njia kinachoweza kusema neno. Tutalirudia jambo hilo tutakapofikia uamuzi wa kutumia au kutotumia ubanaji.

## Hatua ya tatu: andika kazi ya kuachia saa

Moyo wa kiongozi yeyote anayeheshimu ubanaji ni kazi moja fupi: achia waya, kisha usiendelee mpaka uuone umepanda kweli.

```c
#define KIKOMO_US 100000UL

static bool scl_achia(void)
{
    uint32_t mwanzo = saa_us();

    SCL_INGIZO();
    while (!SCL_SOMA()) {
        if (saa_us() - mwanzo > KIKOMO_US)
            return SCL_SOMA();
    }
    return true;
}
```

Mstari wa kurudisha `SCL_SOMA()` baada ya kikomo kupita unaweza kuonekana wa ziada, lakini una sababu. Ikiwa programu ilikatizwa na kazi nyingine kati ya kuusoma waya na kuisoma saa, inawezekana waya ulipanda zamani na kikomo kimepita kwa sababu ya ukatizaji ule, wala si kwa kosa la mfuasi. Kusoma mara moja ya mwisho kunazuia lawama ya uongo. Dereva wa Linux wa I2C inayoendeshwa kwa pini hufanya vivyo hivyo.

Kazi ya kusoma biti moja hujengwa juu ya hiyo:

```c
static int soma_biti(void)
{
    int biti;

    sda_achia();
    kaa_us(5);
    if (!scl_achia())
        return -1;
    kaa_us(5);
    biti = SDA_SOMA();
    scl_vuta();
    return biti;
}
```

Jambo la kuzingatia ni mahali ilipowekwa `kaa_us(5)` ya pili. Inahesabiwa tangu waya ulipoonekana juu, si tangu kiongozi alipouachia. Programu nyingi zinazodai kuheshimu ubanaji huachia waya, husubiri mikrosekunde tano, halafu ndipo hutazama kama umepanda. Ukiwa umepanda tu wakati huo huo, huuvuta chini papo hapo. Matokeo yake ni pigo fupi mno mara baada ya ubanaji, fupi kuliko mikrosekunde 4 zinazotakiwa kwa kilohezi 100. Mfuasi anaweza kulikosa pigo hilo ilhali kiongozi amelihesabu, na tangu hapo wawili hao wanatofautiana kwa biti moja hadi mwisho wa mazungumzo. Kosa la aina hii ni baya kuliko kutosubiri kabisa, kwa sababu hutokea mara chache, kulingana na sekunde ambayo mfuasi aliuachia waya, na programu inaweza kupita majaribio yote mezani.

Kazi hiyo ya `scl_achia` itumike kila mahali ambapo SCL inapandishwa, pasipo kuacha hata pamoja. Sehemu zinazosahaulika ni tatu. Ya kwanza ni pigo la tisa la kukiri. Ya pili ni kuanza upya: SDA iachiwe, SCL iachiwe na kusubiriwa, ndipo SDA ivutwe chini, la sivyo mfuasi hataona mwanzo mpya. Ya tatu ni kufunga mazungumzo, ambako alama yenyewe ni SDA kupanda wakati SCL iko juu. Ukiipandisha SDA wakati mfuasi bado ameibana SCL, hakuna alama ya kufunga iliyotolewa, na vifaa vingine vitaendelea kuamini kwamba njia ina shughuli.

Kiongozi asiyesubiri hujulikana kwa majibu anayopata. Katika kisa chetu, mara nyingi atapiga mapigo yake yote wakati waya uko chini na SDA imeachiwa, kwa hiyo atasoma 0xFF, 0xFF, 0xFF. Ukiondoa biti mbili za mwisho ambazo ni za hali, 0xFFFC katika fomula ya kihisi hutoa nyuzi 128.86. Anayeiona namba hiyo kwenye skrini hana haja ya kukishuku kihisi: kiongozi hakusubiri. Baiti ya uhakiki itaikamata, kwani kwa 0xFFFF inapaswa kuwa 0x2D. Ila tahadhari moja: uhakiki wa SHT21 unaanza na thamani ya sifuri, kwa hiyo baiti tatu za 0x00 hupita uhakiki bila shaka yoyote. Waya wa SDA ulionaswa chini utakupa nyuzi 46.85 chini ya sifuri, pamoja na uhakiki sahihi. Kataa sifuri tatu waziwazi katika programu yako.

Kiongozi aliyeandikwa vizuri, kwenye chumba chenye nyuzi 25 hivi, atapata kwa mfano 0x68, 0xA8, 0x27. Biti mbili za mwisho za 0x68A8 ni sifuri tayari, na namba yake ya kawaida ni 26792:

```text
T = -46.85 + 175.72 * 26792 / 65536 = 24.99
```

## Hatua ya nne: weka kikomo cha muda kwa kufuata karatasi ya vipimo

I2C haina kikomo chochote cha ubanaji. Kwa mujibu wa sanifu, mfuasi anaweza kubana saa kwa saa nzima na asiwe amevunja sheria. Ndiyo maana kitanzi kisicho na kikomo ni kosa kubwa: kihisi kimoja kilichokufa kitaizima mashine yote.

Watu wengi huchukua kikomo cha SMBus, sanifu iliyoanzishwa na Intel mwaka 1995 juu ya msingi wa I2C, ambayo inavitaka vifaa vijirudishe mwanzo saa ikibaki chini kwa milisekunde 25 hadi 35. Kwa kisa chetu kikomo hicho ni sumu. SHT21 huhitaji hadi milisekunde 85. Ukiikata kwenye 35, hutapata kipimo hata kimoja, na utadhani kihisi ni kibovu. Kinyume chake, kikomo cha sekunde nzima hakina faida, kwa kuwa baada ya milisekunde 85 hakuna kitu halali kinachosubiriwa tena.

Utaratibu ninaoupendekeza ni kuchukua muda mrefu kabisa uliotajwa kwenye karatasi ya vipimo, wala si ule wa kawaida, kisha kuongeza sehemu ndogo ya usalama. Hapa milisekunde 85 zinakuwa 100. Kama njia ina vifaa kadhaa, kikomo kiwekwe kwa kila kifaa peke yake. Kihifadhi kumbukumbu kisichobana kabisa hakina sababu ya kupewa milisekunde 100, na ubanaji ukionekana wakati wa kuzungumza nacho, hiyo ni habari yenye thamani ambayo kikomo kirefu kitaificha.

Kikomo kikifikiwa, mazungumzo yakatizwe papo hapo na kosa lirudishwe hadi juu. Usiendelee na biti inayofuata. Baiti tatu zina mapigo 27, na kila pigo likisubiriwa milisekunde 100, mashine itaganda kwa karibu sekunde tatu kwa kihisi kimoja.

## Hatua ya tano: ukitumia kiongozi aliyetengenezwa tayari, mpime kabla ya kumwamini

Si kila mtu ataandika kiongozi wake. Chipu nyingi zina mzunguko maalumu wa I2C, na mingi inaheshimu ubanaji ipasavyo. Mfano unaojulikana wa usioheshimu ni BCM2835, chipu ya Raspberry Pi za mwanzo. Mzunguko wake hutazama ubanaji katika sehemu fulani tu za pigo, na mfuasi akiuachia waya wakati usiofaa, pigo linalotoka huwa fupi kupindukia: lile kosa la hatua ya tatu, safari hii likiwa limechongwa ndani ya silikoni. Pia una rejista ya kikomo, `CLKT`, ambayo huanza na thamani ya mapigo 64. Kwa kilohezi 100 hiyo ni milisekunde 0.64, mbali sana na 85.

Dawa moja ni kupunguza mwendo wa saa, ili ubanaji mfupi umezwe ndani ya nusu ya chini ya pigo. Inasaidia kwa mfuasi anayechelewa kwa mikrosekunde chache. Kwa SHT21 haisaidii kitu. Dawa ya kweli ni kuuacha mzunguko huo na kutumia dereva wa pini, kwa mstari mmoja ndani ya `config.txt`:

```text
dtoverlay=i2c-gpio,bus=3,i2c_gpio_sda=23,i2c_gpio_scl=24
```

Pini 23 na 24 hazina rezista za nje za kuvutia juu kama zilizopo kwenye pini 2 na 3, kwa hiyo ziongeze mwenyewe. Kikomo cha kawaida cha dereva huyo ni milisekunde 100, ambacho kwa bahati kinatutosha.

Kwenye ESP8266, ambako kiongozi ni programu, matoleo ya awali ya maktaba ya `Wire` yalikuwa na kikomo cha mikrosekunde 230 tu. Kinaongezwa kwa kuita kazi hii baada ya `Wire.begin()`, na namba ni mikrosekunde:

```cpp
Wire.setClockStretchLimit(100000);
```

Kiongozi yeyote mwingine unaweza kumjaribu bila kihisi chochote. Funga maikrokontrola ya pili iwe mfuasi wa majaribio, na uiandikie ibane SCL baada ya baiti ya anwani kwa muda unaoongezeka kidogo kidogo, kwa hatua ndogo kuliko nusu ya pigo, mathalani mikrosekunde moja. Kila mara itume baiti ile ile inayojulikana, kama 0xA5. Kiongozi mzuri atasoma 0xA5 kila mara mpaka kikomo chake kifike. Mwenye kasoro ya BCM2835 atakosea kwenye nyakati fulani tu na kupatia kwenye nyingine, na mpangilio huo wa kukosea kwa vipindi ndio ushahidi wenyewe.

## Hatua ya sita: mtambue anayebana

Ukiona SCL iko chini muda mrefu, oskiloskopu haikuambii ni nani aliyeishika, maana sifuri ya kila kifaa inafanana na ya mwenzake. Kuna hila ya zamani, na ni nzuri: weka rezista ndogo, tuseme omu 220, kati ya pini ya SCL ya mfuasi na waya wa pamoja. Mfuasi akivuta, volteji ya waya haishuki hadi sifuri kamili, bali hugawanywa kati ya omu 220 na kiloomu 4.7. Kwa chanzo cha volti 3.3 inabaki volti 0.15 hivi, ikiongezwa na kile kinachobaki kwenye transista ya mfuasi. Hiyo ni chini kabisa ya asilimia 30 inayohesabiwa kuwa sifuri, kwa hiyo mawasiliano hayasumbuki, lakini ukikuza picha utaona ngazi: mwanzoni waya uko karibu na sifuri wakati kiongozi anauvuta, kisha unapanda kidogo hadi 0.15 mara kiongozi anapouachia na mfuasi kubaki peke yake. Urefu wa ngazi hiyo ndio urefu halisi wa ubanaji. Kichanganuzi cha mantiki hakionyeshi tofauti hiyo, kwani kwake kila kitu ni sifuri au moja. Kwa kazi hii oskiloskopu haina mbadala.

Mfuasi akiwa ni maikrokontrola uliyoiandikia programu mwenyewe, chanzo cha ubanaji mrefu huwa ndani ya programu hiyo mara nyingi zaidi kuliko kwenye waya. Katika AVR, mzunguko wa I2C hubana SCL tangu bendera ya `TWINT` inapowaka mpaka programu iizime. Kila kinachocheleweshwa ndani ya kazi ya ukatizaji, kama vile kuchapa maandishi kwenye bandari ya mfululizo au kuandika kumbukumbu, huonekana kwa kiongozi kama ubanaji. Soma baiti, iweke kwenye bafa, zima bendera, na kazi nzito ifanyike nje ya ukatizaji. Aidha, mfuasi anayeandikwa kwa pini za kawaida lazima aweke biti yake kwenye SDA kwanza, angalau mikrosekunde 0.25 kabla ya kuiachia SCL. Akivifanya kwa pamoja, kiongozi makini anayesoma mapema atasoma biti iliyopita.

## Hatua ya saba: amua kama ubanaji unastahili kabisa

Hapa natoa maoni yangu bila kuyazunguka. Kifaa kikikupa amri ya kubana na amri ya kutobana, chagua ya kutobana, isipokuwa kiko peke yake kwenye njia na kiongozi hana kazi nyingine ya kufanya. Kwa SHT21 hiyo ni 0xF3: tuma 0x80 na 0xF3, funga mazungumzo, fanya mengine kwa milisekunde 85, kisha anza tena na 0x81. Kipimo kikiwa hakijakamilika, kihisi kitakataa kukiri anwani, nawe utafunga na kujaribu tena baadaye. Gharama ni baiti chache za ziada, na faida ni kwamba vifaa vingine vinapata njia muda wote huo. Zaidi ya hayo, kihisi kikifa katikati ya kipimo, hakijaushika waya.

Ubanaji wa mikrosekunde chache ni hadithi nyingine. Huo ni sehemu ya kawaida ya mazungumzo kati ya maikrokontrola mbili, na anayejaribu kuuzuia, kwa mfano kwa kuwasha biti ya `NOSTRETCH` katika STM32 iliyo mfuasi, anajitwika wajibu wa kujibu kila baiti kwa wakati bila kuchelewa hata mara moja. Wachache huweza.

## Hatua ya nane: waya ukinaswa

Kikomo kikipita, angalia kwanza ni waya upi uko chini, kwa sababu tiba hazifanani.

SDA ikiwa chini na SCL iko juu, yaelekea mfuasi amekatishwa katikati ya kutuma baiti na anangoja mapigo yaliyobaki. Achia SDA, piga SCL hadi mara tisa ukitumia `scl_achia` ile ile, na baada ya kila pigo tazama kama SDA imepanda. Ikipanda, funga mazungumzo na uanze upya.

SCL yenyewe ikiwa chini, hakuna kitu ambacho kiongozi anaweza kutuma, kwa kuwa kila ujumbe unahitaji saa. Hata amri ya 0xFE, ambayo huirudisha SHT21 mwanzo, haitafika. Kama mfuasi anafuata SMBus, atajiachia mwenyewe. Kama ana pini ya kurudishwa mwanzo, itumie. SHT21 haina, hivyo kinachobaki ni kumkatia umeme kwa transista inayoendeshwa na pini ya akiba ya kiongozi.

Kukata huko kuna mtego. Rezista za kuvutia juu zikibaki zimeunganishwa na chanzo cha kudumu, umeme kidogo utaingia ndani ya kihisi kupitia diodi za ulinzi za pini zake za SDA na SCL, na kihisi kitabaki nusu hai, bila kuzimika wala kufanya kazi, huku hali yake ya zamani ikiwa haijafutika. Kwa sababu hiyo rezista hizo zifungwe upande ule ule unaokatwa pamoja na kihisi, au, kama kuna vifaa vingine vinavyozihitaji, kiongozi avute SDA na SCL zote chini kwa muda wote ambao umeme umekatwa. Baada ya kuurudisha, aachie waya zote mbili, aipe SHT21 milisekunde 15 za kuamka, na ahakikishe kwamba waya zote mbili ziko juu kabla ya kutuma 0x80.